Dai Lililozikwa Mwishoni mwa Aya

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa waandishi wa ripoti, walimu na wanafunzi wa uandishi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu waandishi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi. Nimeombwa nizungumzie kasoro moja tu ya aya, nami sitatoka nje yake. Ni kasoro ya aya ambayo ushahidi wake ni wa kweli, umekusanywa kwa uangalifu na unatosha, lakini jambo ambalo ushahidi huo unalithibitisha limetajwa katika sentensi ya mwisho kabisa. Aya ya namna hii mara nyingi imeandikwa na mtu hodari aliyefanya kazi yake yote ya uchunguzi, na ndiyo maana inaniuma kuiona ikisomwa hadi katikati na kuachwa.

Naomba tuifanyie kazi aya moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeiandika kwa kufuata tukio linalojulikana sana katika historia ya tiba, na kila jambo lililomo ni la kweli. Sikilizeni:

«Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kililipuka katika eneo la Soho, London. Daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani, na vifo vingi vilionekana kuizunguka pampu ya maji ya Mtaa wa Broad. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu zaidi ya 500, ambamo walikufa watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha bia kilichokuwa kwenye mtaa huohuo, wafanyakazi zaidi ya 70 walipewa bia ya kunywa, na kiwanda kilikuwa na kisima chake pia, hakuna aliyekufa. Mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali na Soho, alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliipenda ladha yake. Alikufa, na mpwa wake aliyemtembelea kutoka Islington akayanywa maji hayo alikufa pia. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Hivyo basi, inaonekana kwamba kipindupindu huenezwa na maji ya kunywa, wala si hewa chafu kama wengi walivyoamini.»

Je, kuna sentensi ya uongo humo? Hakuna. Je, kuna ushahidi dhaifu? Tutaona baadaye kwamba umo ambao hauna kazi katika aya hii, lakini dhaifu kwa maana ya kutokuaminika, hapana. Basi ni nini kinachoifanya aya hii ilegee mikononi mwa msomaji?

Jaribio ninalowapa wanafunzi ni hili. Naifunika sentensi ya mwisho, nawapa aya iliyobaki, kisha nawaomba waandike wao sentensi ya kumalizia. Kama ushahidi ungekuwa unajisemea wenyewe, kama tunavyopenda kuamini, sote tungepata sentensi ileile. Hatuipati. Mmoja aliandika kwamba bia inawakinga watu na kipindupindu. Mwingine aliandika kwamba maskini waliotunzwa katika nyumba ya pamoja walikuwa salama kuliko waliojitegemea. Mwingine, na huyu alikuwa msomaji makini sana, aliandika kwamba uamuzi wa kuondoa mpini wa pampu uliokoa maisha ya watu wa Soho. Wote walikuwa na haki ya kuandika walichoandika. Bia imo, nyumba ya maskini imo, mpini umo. Hakuna aliyewaambia watazame nini.

Naomba mlizingatie jambo hili kwa makini. Msomaji hasubiri. Anapofika kwenye sentensi ya pili tayari ameanza kujiundia dai lake, kwa sababu akili haiwezi kubeba mambo matano yasiyo na uhusiano. Ni lazima iyafunge pamoja kwa kamba yoyote iliyo karibu. Sentensi yako ya mwisho inapofika, haimkuti mtu mwenye mikono mitupu. Inamkuta mtu aliyekwisha kufunga mzigo wake kwa namna yake, na sasa unamtaka aufungue na kuufunga upya. Msomaji mwenye subira atarudi mwanzo na kusoma tena. Msomaji mwenye shughuli hatarudi. Na msomaji asiyekubaliana nawe, yaani yule hasa uliyemwandikia, atakuwa amekwisha kulieleza kila jambo kwa nadharia yake. Fikirini daktari wa mwaka 1854 aliyeamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu. Anasoma kuhusu ramani na anasema moyoni: «Naam, hewa ya pale ilikuwa mbaya.» Anasoma kuhusu nyumba ya maskini na anasema: «Kuta zake ziliizuia hewa.» Anapofika kwenye maji, amekwisha kuamua.

Kwa nini basi waandishi hodari hufanya hivi? Hufanya hivi kwa sababu wanaandika kwa mpangilio wa kugundua. Kwanza waliona hili, kisha wakaona lile, hatimaye wakaelewa. Na aya inafuata njia waliyopita wao. Mpangilio huo ni mzuri kwa daftari la mchunguzi. Anayeandika rasimu ya kwanza ana haki kamili ya kulifikia dai lake mwishoni, kwa sababu pengine hakulijua mpaka alipofika hapo. Sina ugomvi na rasimu ya namna hiyo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na rasimu hiyo inapopelekwa kwa msomaji ikiwa vilevile.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wengi hudhani kwamba tiba ni kuikata sentensi ya mwisho na kuibandika mwanzo. Tuifanye hivyo tuone: «Hivyo basi, inaonekana kwamba kipindupindu huenezwa na maji ya kunywa, wala si hewa chafu kama wengi walivyoamini. Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kililipuka…» Mnasikia inavyochechemea? «Hivyo basi» haina cha kurejelea. «Inaonekana kwamba» ilikuwa na maana pale mwisho, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichokwisha kuonekana. Hapa mbele inasikika kama woga. Na chini, mpini wa pampu sasa umekuwa ndio mwisho wa aya, umesimama peke yake, haujulikani unafanya nini. Dai limepanda, lakini aya bado haijatengenezwa.

Kwa hiyo tulipandishe dai, kisha tulifanyie marekebisho palepale. Kwanza tunaondoa viunganishi vya hitimisho: hivyo basi, kwa hiyo, kutokana na hayo, ndipo tunapoona kwamba. Kisha tunatazama virejeshi. Neno kama «huyo», «hiyo» au «ile» likipanda juu huacha nyuma nomino yake, na msomaji wa Kiswahili, ambaye amezoea kuitambua nomino kwa ngeli yake, ataitafuta na asiione. Ni lazima jina la kitu litajwe kamili katika sentensi mpya ya kwanza. Hayo ni ya sarufi, na mhariri yeyote atayaona.

Linalofuata ndilo zito, nalo ni ukubwa wa dai. Sentensi ya mwisho ya aya ina tabia ya kupanuka. Mwandishi amefurahi kufika, anafungua mikono, na anasema zaidi ya alichothibitisha. Aya yetu ilisema kwamba kipindupindu huenezwa na maji ya kunywa, yaani kipindupindu chote, mahali pote, wakati wote. Lakini ushahidi uliomo ndani yake unahusu mlipuko mmoja katika eneo moja na pampu moja. Pale mwisho, ukubwa huo haukuonekana, kwa sababu hapakuwa na sentensi yoyote baada yake ya kuupima. Ukiuweka mbele, kila ushahidi unaofuata unausuta. Ndipo tunalipunguza dai hadi likae sawa na ushahidi wake: «Mlipuko wa kipindupindu ulioikumba Soho mwaka 1854 ulienezwa na maji ya pampu moja ya Mtaa wa Broad, wala si hewa chafu ya eneo hilo.»

Tazameni sentensi hiyo ilivyo. Ina upande wa pili. Inasema maji, na inasema si hewa. Siku nyingi nimeona waandishi wakipandisha mada badala ya dai. Wanaanza aya kwa kusema, «Aya hii inaeleza chanzo cha mlipuko wa Soho,» au «Kuna ushahidi mwingi kuhusu kuenea kwa kipindupindu,» na wanadhani wamemaliza kazi. Mada haimsaidii msomaji kupima chochote. Nani atapinga kwamba kuna ushahidi mwingi? Sentensi ya kwanza ya aya yenye hoja inapaswa kuwa kauli ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuikataa. Daktari wetu wa hewa chafu angeikataa sentensi yetu mpya mara moja, na kwa kuwa ameikataa, sasa anasoma ushahidi ili aone kama unamshinda. Hapo ndipo tunapomtaka.

Dai likiwa mbele, linaanza kufanya kazi ambayo halikuweza kuifanya lilipokuwa nyuma: linauhoji ushahidi. Chukueni kila sentensi ya aya yetu na muiulize swali moja tu. Je, wewe unaamua kati ya maji na hewa?

Tuanze na ramani. Ramani inaonyesha kwamba vifo vingi vilikuwa karibu na pampu. Ni kweli, na ni jambo maarufu kuliko yote katika tukio hili. Lakini walioishi karibu na pampu walikunywa maji mamoja na wakavuta hewa moja. Kwa swali letu, ramani peke yake haiamui. Inatueleza mahali pa kutazama, haituelezi sababu. Jambo hili halikuonekana katika aya ya kwanza, kwa sababu ramani ilitangulia na hakuna aliyejua iulizwe nini.

Nyumba ya maskini je? Hapa mambo yanabadilika. Watu zaidi ya 500 waliishi katikati ya eneo la vifo, wakavuta hewa ileile, lakini maji yao yalitoka kwingine, na vifo vyao vilikuwa vichache mno. Hewa ni ileile, maji ni tofauti, matokeo ni tofauti. Ushahidi huu unaamua. Kiwanda cha bia kinaamua kwa njia hiyohiyo. Na yule mjane wa Hampstead anaamua kutoka upande wa pili kabisa: hewa tofauti, maji yaleyale, kifo kilekile. Mpwa wake wa Islington, ambaye hakuwa mkazi wa Soho wala wa Hampstead, anaukaza ushahidi huo.

Mnaona kilichotokea, ndugu zangu? Katika aya ya kwanza tulikuwa na mambo matano yaliyofuatana kama yalivyokumbukwa. Sasa tuna makundi mawili yanayokabiliana: waliokuwa karibu lakini hawakunywa, wakapona, na waliokuwa mbali lakini walikunywa, wakafa. Mpangilio huo haukuwahi kuandikwa popote katika rasimu. Ulikuwemo ndani ya ushahidi tangu mwanzo, ila dai lilipokuwa limezikwa mwishoni hapakuwa na kitu cha kuuita utoke nje.

Unabaki mpini wa pampu. Uliondolewa tarehe 8 Septemba. Hilo ni kweli. Lakini je, unaamua? Kufikia siku hiyo idadi ya vifo ilikuwa imekwisha kuanza kushuka, kwa sababu watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilikiri jambo hilo. Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba kuondolewa kwa mpini kulikomesha mlipuko, kwa hiyo hatuwezi kuutumia kuthibitisha kwamba maji yalikuwa chanzo. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini katika aya hii haina kazi. Tuitoe. Najua inauma. Ndiyo sentensi yenye mvuto kuliko zote, na mwandishi yeyote angependa kubaki nayo. Kama mpini ni muhimu kwa ripoti yako, uandikie aya yake yenyewe, yenye dai lake mbele, pengine kwamba hatua ya mamlaka ilikuja baada ya kilele cha vifo kupita. Katika aya hiyo, kushuka kwa vifo kabla ya tarehe 8 kutakuwa ushahidi wako mkuu, ilhali hapa kungekuwa aibu inayofichwa.

Sasa tuisome aya iliyotengenezwa:

«Mlipuko wa kipindupindu ulioikumba Soho, London, mwaka 1854 ulienezwa na maji ya pampu moja ya Mtaa wa Broad, wala si hewa chafu ya eneo hilo. Ramani ya vifo iliyochorwa na daktari John Snow ilionyesha vifo vingi kuizunguka pampu hiyo, lakini waliokuwa karibu nayo walivuta hewa moja na kunywa maji mamoja, hivyo ukaribu peke yake haukutosha kutenganisha sababu hizo mbili. Kilichozitenganisha ni watu waliopata moja bila nyingine. Katika nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, yenye watu zaidi ya 500 na kisima chake yenyewe, walikufa watano tu. Katika kiwanda cha bia cha mtaa huohuo, ambacho wafanyakazi wake zaidi ya 70 walikunywa bia na kilikuwa na kisima chake, hakufa hata mmoja. Kwa upande mwingine, mjane wa Hampstead aliyekuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kwa sababu ya ladha yake alikufa, na mpwa wake wa Islington aliyeyanywa alipomtembelea alikufa pia, ingawa wote wawili waliishi mbali na hewa ya Soho.»

Linganisheni aya hizi mbili. Hatukuongeza utafiti wowote. Tulitoa sentensi moja, tukapunguza dai, tukapanga upya, na tukaongeza sentensi moja fupi katikati, «Kilichozitenganisha ni watu waliopata moja bila nyingine,» ambayo ndiyo bawaba ya aya nzima. Mara nyingi utakuta kwamba dai likipanda juu, katikati panahitaji sentensi ya namna hiyo, kwa sababu kazi ya kuunganisha ushahidi na dai, ambayo mwanzoni aliachiwa msomaji aifanye kwa kurudi nyuma, sasa inafanywa na mwandishi mwenyewe.

Mtaniuliza: mwisho wa aya uwekwe nini sasa? Swali hili huwasumbua wengi, na kwa hofu ya kuacha aya bila mkia hulirudia dai kwa maneno mengine. Msifanye hivyo. Msomaji alikwisha kulisoma, na sasa amelithibitisha mwenyewe. Katika aya yetu nimemalizia na ushahidi mzito kuliko wote, wa mjane na mpwa wake, kwa sababu nafasi ya mwisho hukaa kichwani, na ni afadhali ikaliwe na kitu ambacho mpinzani hana jibu lake. Njia nyingine halali ni kumalizia na mpaka wa dai, kwa mfano kusema kwamba Snow hakuweza kuthibitisha ni kitu gani hasa kilichokuwa ndani ya maji yale. Sentensi hiyo ingeiandaa vizuri aya inayofuata, iwapo aya inayofuata inahusu jambo hilo. Kama haihusu, iache.

Je, ipo aya ambayo dai lake linastahili kubaki mwishoni? Ipo, nami nisingekuwa mkweli kama ningewaficha. Fikirini habari ya Ignaz Semmelweis katika hospitali kuu ya Vienna. Kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika wodi ya kwanza walifanya kazi madaktari na wanafunzi wa udaktari, katika ya pili wakunga, na homa ya uzazi iliua wanawake wengi zaidi katika ile ya kwanza. Mwaka 1847 alihitimisha kwamba madaktari waliotoka kupasua maiti walikuwa wakiubeba ugonjwa mikononi, akaagiza wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua sana. Sasa fikirini unawaandikia madaktari haohao. Aya inayoanza kwa kuwaambia kwamba mikono yao ndiyo iliyoua wagonjwa wao inaweza kufungwa kabla ya sentensi ya pili. Zaidi ya hayo, hoja yenyewe ni ya kuondoa sababu moja baada ya nyingine: si hali ya hewa, kwa kuwa wodi zote mbili ziko chini ya hali moja ya hewa, si msongamano, kwa kuwa wodi ya pili ilijaa zaidi. Hoja ya namna hiyo hupata nguvu yake pale msomaji anapobaki na sababu moja tu asiyoweza kuiondoa.

Lakini hata hapo, tafadhali, msimwache msomaji gizani. Kama dai haliwezi kukaa mbele, liweke swali mbele: «Kwa nini homa ya uzazi iliua wanawake wengi zaidi katika wodi ya kwanza kuliko ya pili, ilhali wodi hizo zilikuwa katika hospitali moja?» Swali hilo halimshtaki mtu, lakini linafanya kazi ileile ya kuuhoji ushahidi. Kila sentensi inayofuata inaweza kuulizwa kama inalijibu au hailijibu, na isiyolijibu itatoka, kama ulivyotoka mpini wa pampu. Kisha jibu linapofika mwishoni, litamkuta msomaji amelisubiri. Na aya itakayofuata ianze kwa kulitamka jibu hilo waziwazi, kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, ili yule aliyeiruka aya nzima, maana watakuwepo, asikose kilichothibitishwa.